Heshima Inapohamia Kwenye Kitenzi

Katika Kiswahili mtu hamwambii mkubwa wake neno kabla ya kutamka kwanza huyo ni nani kwake. "Mzee, naomba kupita." "Shangazi, chakula tayari." "Bibi, nikubebee?" Ukiliondoa lile neno la mwanzo, ujumbe unabaki uleule lakini msemaji anaonekana hakufunzwa kwao. Ukiweka "wewe" mahali pake, umeshatukana. Ndiyo maana anayetafsiri hadithi, barua au maelezo ya mgonjwa kutoka Kiswahili kwenda Kiitaliano hukutana na maneno haya karibu kila mstari, na kamusi haimfikishi mbali. Kamusi itampa *vecchio* au *anziano* kwa mzee, *nonna* kwa bibi, *zia* kwa shangazi. Hakuna hata moja lililo kosa. Lakini yapange yote matatu katika ukurasa mmoja uone: unapata familia ambayo Mswahili mwenyewe haitambui.

Si kwamba Waitaliano hawana heshima. Wameiweka kwingine. Lugha yao ina njia mbili za kumsemesha mtu mmoja. *Tu* ni ya rafiki, mtoto na jamaa wa nyumbani. *Lei* ni ya mgeni, daktari, mwalimu, mama wa jirani aliyekuzidi umri. Na tofauti hiyo haikai kwenye kiwakilishi peke yake, kwa kuwa mara nyingi Waitaliano hawakitamki. Inakaa kwenye kitenzi. Rafiki huambiwa *prendi*, yaani "chukua". Mzee wa jirani huambiwa *prenda*. Herufi moja imebadilika mwishoni, na adabu yote imo humo. Mtu anaweza kuzungumza na mkubwa wake saa nzima bila kumwita kwa cheo chochote, na bado heshima ikasikika katika kila kitenzi.

Lei yenyewe ni "yeye". Zamani mtu mkubwa alisemeshwa *Vostra Signoria*, ambayo ni kama kusema "Ubwana Wako", na kwa kuwa maneno hayo ni ya jinsia ya kike katika sarufi yao, waliendelea kwa "yeye" wa kike hata kama anayeambiwa ana ndevu hadi kifuani. Kwa hiyo Mwitaliano anapomheshimu mtu humsemesha kana kwamba anamtaja pembeni. Sasa sikiliza nyumba ya Waswahili: "Mzee atakunywa chai?" "Mama ameamkaje leo?" Anayeulizwa amekaa palepale, lakini anaulizwa kwa nafsi ya tatu. Hapa lugha hizi mbili, ambazo hazina undugu wowote, zinashikana mikono, na mtafsiri akishaliona hilo kazi yake inaanza kunyooka.

Maana yake ni kwamba heshima iliyokuwa kwenye jina la wito inaweza kuhamishiwa kwenye kitenzi. Kijana anamkaribisha mgeni wa baba yake: "Mzee, karibu chai. Mzee, sukari vijiko vingapi? Mzee, joto la leo limezidi." Kwa Kiswahili hizo mzee tatu hazimchoshi mtu. Kwa Kiitaliano, ukimwita mtu *signore* mara tatu katika pumzi moja, unasikika kama mhudumu wa hoteli anayengoja bakshishi. Mtafsiri mzuri ataweka cheo mara moja, kisha ataviachia vitenzi na viwakilishi kazi iliyobaki: *Prenda un po' di tè. Quanto zucchero le metto?* Neno mzee limepungua na adabu haijapungua.

Lakini njia hiyo inaishia kwenye mlango wa nyumba. Waitaliano wengi wa leo huwaambia *tu* baba, mama, nyanya na shangazi zao. Ukimfanya msichana katika hadithi amwambie shangazi yake *Lei*, msomaji wa Roma atadhani wamegombana, au kwamba ni familia ya kikabaila ya karne zilizopita. Kuna njia ya tatu, *voi*, ambayo kusini mwa Italia bado husikika wazee wakisemeshwa kwayo, na zamani watoto waliwaambia hivyo wazazi wao. Ila *voi* ina historia nzito: mwaka 1938 utawala wa Mussolini ulipiga vita *Lei* na kulazimisha *voi* mahali pake, na baada ya vita *Lei* ikarudi. Kwa hiyo anayechagua *voi* lazima ajue kwamba msomaji wake atasikia ama kijiji cha kusini ama enzi iliyopita. Kwa shangazi wa Tanga wa siku hizi sioni kama inafaa.

Basi shangazi tumfanyeje? Tatizo lake ni la aina nyingine. *Zia* ya Kiitaliano inambeba shangazi, mama mkubwa, mama mdogo na mke wa mjomba, wote kwa neno moja. Kwetu hao ni watu wanne wenye kazi nne. Mama mdogo ni mama, unaweza kumlilia. Shangazi ni upande wa baba, na katika familia nyingi sauti yake ni sauti ya baba iliyovaa kanga. Posa ikija, yeye husikilizwa. Bwana akizozana na bibi harusi, yeye ndiye anayejua lililosemwa siku ya mahari. Si ajabu gazeti la Taifa Leo la Kenya likawa na safu ya ushauri wa mapenzi iitwayo Shangazi Akujibu. Jina hilo likigeuzwa kuwa la mama mdogo, safu inapoteza nusu ya mamlaka yake.

Jambo linalonigusa ni kwamba Waitaliano walikuwa na neno hili wakalipoteza. Kilatini, lugha iliyozaa Kiitaliano, kilitofautisha kama sisi: *amita* alikuwa dada wa baba, *matertera* dada wa mama, *patruus* kaka wa baba, *avunculus* kaka wa mama. Baadaye likaingia neno la Kigiriki, likawa *zio* na *zia*, likawafunika wote. *Amita* amebaki kwenye lahaja chache tu za kaskazini, kama *àmia* ya Veneto, na hata huko maana yake imekuwa shangazi au mama mdogo bila kubagua.

Mtu anaweza kuandika *zia paterna*, na kwenye karatasi za mirathi au fomu ya uhamiaji hivyo ndivyo inavyotakiwa, tena bila kusita, maana hakimu anahitaji kujua damu inapita wapi. Lakini hakuna mtoto duniani aliyefungua mlango akasema "karibu, zia paterna". Katika mazungumzo lazima undugu huo uonyeshwe kwa njia nyingine. Nichukue mfano mfupi nilioutunga, wa nyumba yoyote ya pwani, tuufuate neno kwa neno. Msichana, tumwite Halima, anafungua mlango.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Baba yupo?"

"Yupo ndani, na Mzee Rajabu."

"Na bibi?"

"Amejipumzisha."

Anayetafsiri haraka ataandika hivi:

*«Buongiorno, zia.»*

*«Buongiorno, figlia mia. Tuo padre è in casa?»*

*«Sì, con il vecchio Rajabu.»*

*«E la nonna?»*

*«Dorme.»*

Sarufi ni safi, na karibu kila mstari umepoteza kitu. Shikamoo imekuwa "habari za asubuhi", salamu ambayo hata karani wa benki humpa mteja. Shangazi amekuwa zia asiyejulikana wa upande gani. Mzee Rajabu amekuwa kikongwe. Na bibi, ambaye mjukuu wake alimtafutia kitenzi cha kiungwana, sasa amelala tu kama mtu yeyote.

Tuanze na salamu. Kusini kabisa mwa Italia, kisiwani Sisilia, kulikuwa na salamu iliyofanana na yetu kwa namna ya kushangaza. Mdogo alimwambia mkubwa *sabbinirica*, yaani "nibariki", na mkubwa akaitikia kwa baraka, mathalani *santu e riccu*, "uwe mtakatifu na tajiri". Kama shikamoo na marahaba, ilikuwa salamu ya ngazi mbili: mmoja huanza, mwingine hupokea, na hawawezi kubadilishana nafasi. Ni kishawishi kikubwa kuitumia. Mimi nisingeitumia, kwa sababu Halima angegeuka Msisilia mbele ya macho ya msomaji, na kanga ya shangazi ingekuwa shuka jeusi la mjane. Ni afadhali shikamoo na marahaba zibaki kama zilivyo. Ziko katika jozi, moja inaita na nyingine inaitikia, na msomaji asiyejua Kiswahili ataelewa kwa kuona nani anaanza. Kama kitabu ni kirefu, mara ya kwanza mwandishi anaweza kuongeza maneno machache ndani ya simulizi, kwamba alimsalimu kama anavyosalimiwa mtu mkubwa, na asirudie tena.

Kisha shangazi mwenyewe. Dawa yake iko katika swali lake la "Baba yupo?" Anayemtafuta ni kaka yake, ila kwa desturi yetu amemwita kama mtoto anavyomwita. Waitaliano nao hufanya hivyo kwa watoto wadogo, lakini kwa msichana mkubwa haizoeleki sana. Kwa hiyo shangazi na aulize *È in casa mio fratello?*, "Kaka yangu yupo?" Kwa maneno hayo msomaji ameshajua kwamba huyu ni dada wa baba, na hakuna aliyemweleza. Tumepoteza ile desturi nzuri ya kumwita mtu kwa mdomo wa mtoto, tumepata shangazi. Nadhani biashara hiyo ina faida, mradi ifanywe mapema, mara moja, na baada ya hapo *zia* itabeba mzigo kwa utulivu. Katika swali la pili ile desturi tunaweza kuiacha: "Na bibi?" huenda ni mama yake shangazi mwenyewe, na *E la nonna?* inakubalika kabisa hata kwa masikio ya Kiitaliano.

*Dorme* ibadilike iwe *riposa*, "anapumzika". Hakuna cheo kilichotajwa, lakini kitenzi kimeinama kidogo mbele ya mwenye umri.

Mzee Rajabu anahitaji muda zaidi. *Il vecchio Rajabu* ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi, na ubaya wake haupimiki kwa kamusi. Kwa Kiswahili umri unampandisha mtu. *Vecchio* inataja uchakavu, neno lilelile la gari na viatu. *Anziano* ni ya adabu zaidi, na kwa wingi inafanya kazi nzuri: wazee wa kanisa na wazee wa kijiji ni *gli anziani*, kama ilivyo katika Biblia yao. Ila haitumiki kumwita mtu. *Signor Rajabu* ina tatizo la jina. Katika adabu rasmi ya Kiitaliano *signor* hufuatwa na jina la ukoo. Ukiiweka mbele ya jina la mtu mwenyewe, unasikika kama unayemsemesha bawabu wa ghorofa kwa upole. Sisi karibu kila mara tunaweka cheo mbele ya jina la mtu mwenyewe. *Nonno*, kwa mtu asiye babu yako, huwaudhi wazee wengi wa mijini, ambao husikia humo huruma ya kudekezwa.

Inabaki *zio*. Msomaji wa Italia ya kusini anajua vizuri kwamba *zio* si lazima awe mjomba wala baba mdogo. Katika riwaya ya Giovanni Verga, *I Malavoglia*, iliyotoka mwaka 1881, mkopeshaji fedha wa kijiji cha wavuvi cha Aci Trezza anaitwa zio Crocifisso, na yeye si jamaa wa kijiji kizima. Katika hadithi ya Luigi Pirandello iitwayo *La giara* kuna fundi mzee wa kuunga vyungu, zi' Dima. Sardinia nako wazee huitwa hivyohivyo. Kaskazini, huko Piemonte na Veneto, kulikuwa na *barba*, neno la mjomba ambalo wazee wa heshima pia waliitwa kwalo. Kwa hiyo wazo letu la kumfanya mtu mzima yeyote kuwa jamaa si geni kwao hata kidogo.

Abdulrazak Gurnah ametupa mfano unaoonyesha uzito wa jambo hili. Katika *Paradise*, riwaya aliyoiandika kwa Kiingereza na kuichapisha mwaka 1994, kijana Yusuf anamwita mfanyabiashara tajiri mjomba wake, Aziz. Baadaye anaambiwa kwamba yule si mjomba wake hata kidogo. Yeye Yusuf amewekwa rehani kwa deni la baba yake, na tajiri huyo anapaswa kuitwa Seyyid. Hadithi yote imesimama juu ya neno moja la undugu linaloweza kuwa damu na linaloweza kuwa heshima tupu. Kiitaliano kinaweza kulibeba kwa *zio*, kwa kuwa *zio* nayo ina sura zote mbili. Mtafsiri ambaye angeandika *signor Aziz* kwa kutaka usahihi angeifichua siri kabla ya wakati wake.

Hata hivyo kwa Mzee Rajabu nasita. Halima ana wajomba wa kweli na ana ami zake, na katika nyumba ambayo *zia* ni dada wa baba kwa damu, kumwita mgeni *zio* kunachanganya ukoo. Tena vijana wa Milano siku hizi huitana *zio* wao kwa wao, kama vijana wetu wanavyoitana mwanangu au kaka, kwa hiyo neno hilo kinywani mwa kijana wa mjini linaweza kusikika kinyume kabisa cha heshima. Hapa ningeacha *mzee* kwa herufi ndogo, bila kibainishi, kama Waitaliano wanavyoandika *don* mbele ya jina: *con mzee Rajabu*. Likiwa na jina linakaa vizuri. Likiwa peke yake linasumbua, kwa sababu Kiitaliano kitadai *il* au *lo* mbele yake, na mkusanyiko wa *mz* hauwapi masikio yao uamuzi. Hapo ni heri kutaja jina lake, au kumsemesha moja kwa moja kwa *Lei*.

Mazungumzo yetu sasa yanasomeka hivi:

*«Shikamoo, zia.»*

*«Marahaba, figlia mia. È in casa mio fratello?»*

*«Sì, di là, con mzee Rajabu.»*

*«E la nonna?»*

*«Riposa.»*

Yote hayo ni mzee wa umri. Bosi wa ofisini anayeitwa mzee akiwa na miaka 35 ni *capo*. Mtu akisema "mzee wangu amefariki" anamlilia baba yake, na Mwitaliano ataandika *mio padre*. Hayo hayahitaji mjadala.

Bibi naye ana mtego wake, na mtego huo uko mpakani. Mtanzania akisema "bibi yangu" anamaanisha mama wa baba au wa mama. Mkenya mara nyingi anamaanisha mke, na mama wa mama yake anamwita nyanya au shosho. Kwa hiyo sentensi "Bibi yake alimpigia simu usiku" ni *sua nonna* ikiandikwa Dodoma, na huenda ni *sua moglie* ikiandikwa Malindi. Malindi si mfano wa bahati nasibu: Waitaliano wengi wamejenga na kuishi huko na Watamu, na vijana wa ufukweni hujifunza Kiitaliano kwa kusikiliza tu. Ukiwa na shaka, usikae kwenye sentensi hiyohiyo. Tafuta mjukuu au mume katika kurasa za jirani, angalia kama nyanya ametajwa mahali, angalia mwandishi ametoka wapi. Bibi harusi ni *sposa*, na bibi shamba ni mtaalamu wa kilimo aliyeajiriwa; wote wawili wamewahi kuzeeshwa bure na watafsiri wasio na subira. Bi yenye jina, kama Bi Amina, ina bahati: *signora Amina* inakaribiana nayo vizuri, kwa kuwa kwa wanawake wa mtaani Waitaliano wamezoea zaidi kuweka *signora* mbele ya jina lenyewe.

Kuna wito mmoja ambao naona ni mgumu kuliko yote. Bibi na babu hutaniana na wajukuu kwa lugha ya ndoa. Babu humwita mjukuu wa kike "mke wangu". Bibi humwita huyohuyo "mke mwenzangu" na kujifanya ana wivu. Kwetu ni utani wa wazi, unaofanywa mbele ya wazazi na wageni, na unaonyesha kwamba kati ya vizazi hivi viwili hakuna ukali ule wa baba na mwana. Andika *moglie mia* kinywani mwa mzee anayemkaribisha mtoto wa miaka 7, na msomaji wa Bologna atafunga kitabu kwa hofu. Wapo wanaokata mstari wote. Wapo wanaoweka maelezo chini ya ukurasa, na utani unaoelezwa chini ya ukurasa umeshakufa.

Kama mwandishi ametupa bibi na babu katika tukio moja, bibi ndiye atuokoe. Neno lake litangulie au lifuate palepale: *Eccola, la mia rivale!*, "Huyo kaja, mshindani wangu!" Ajuza akimwita mtoto mshindani wake, hakuna asiyecheka, na baada ya kicheko hicho babu anaweza kusema *la mia sposina*, "kaharusi kangu", kwa udogo ule unaoonyesha kuwa ni mchezo. Kama babu yuko peke yake, kitenzi kinachofuata maneno yake kisiwe *disse*, "alisema". Kiwe *scherzò*, "alitania", na mtoto apewe jibu lake kama alivyopewa katika Kiswahili, kwamba hamtaki, hana meno.